Jinsi ya kupanga ukurasa wa notisi zenye safu ya maswali na ukanda wa muhtasari

Wiki iliyopita nilikaa na binti wa jirani yangu hapa Mtwara, barazani kwao, tukipanga upya notisi zake za Historia ya Tanzania na Maadili. Alikuwa ameshajaza kurasa 14 kwa mwandiko mzuri, safu mbili kila ukurasa na muhtasari chini, lakini akifunika majibu ili ajiulize, maswali yake hayakukaa mbele ya majibu yake. Nililijua kosa lile mara moja kwa sababu lilishawahi kunila jioni nzima mimi mwenyewe. Mwongozo huu ni yale tuliyofanya, na nimekaa zaidi pale panapoharibikia.

Mpangilio wenyewe ulitoka Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kwa mwalimu aliyeitwa Walter Pauk, miaka ya 1950. Ukurasa una sehemu tatu: safu nyembamba kushoto kwa maswali, safu pana kulia kwa notisi, na ukanda chini kwa muhtasari. Vipimo vinavyozunguka kila mahali ni inchi 2.5, inchi 6 na inchi 2, na vilipangwa kwa karatasi ya Kimarekani na kwa mtu anayemsikiliza mhadhiri, ambaye hajui mhadhiri atasema mangapi. Anayefupisha kitabu yuko katika hali nyingine. Kitabu kinakungoja, kwa hiyo unaweza kuamua mapema ukurasa mmoja wa daftari utabeba hoja ngapi. Kila kitu kinachofuata kinatoka hapo.

Hatua ya 1: Pima daftari

Tumia kaunta buku, wala usihangaike na karatasi za kutoboa. Zile hulegea kwenye faili, na ukurasa mmoja ukipotea mada nzima inakatika. Lake lilikuwa na upana wa sentimeta 20, mistari 30 kila ukurasa, na kati ya mstari na mstari milimita 8. Pima lako, usikopi vipimo vyangu.

Andika notisi kwenye ukurasa wa kushoto tu. Ukurasa wa kulia ukingo wake wa kushoto umeingia kwenye mshono, na kaunta nene humeza karibu sentimeta nzima pale. Safu nyembamba ikikaa mshononi, utayasoma maswali kwa kulipindua daftari. Ukurasa wa kulia hauendi bure: weka ramani, na majibu ya mitihani ya nyuma.

Hatua ya 2: Kata kadi

Chukua boksi gumu. Sisi tulitumia katoni ya biskuti. Kata kipande chenye upana wa sentimeta 14 na urefu wa sentimeta 17.6. Upana ni wa safu ya notisi, yaani 20 ukitoa 6 za safu ya maswali. Urefu ni mistari 22, ambayo ni 30 ukitoa 2 ya kichwa cha mada juu na 6 ya muhtasari chini. Kisha kwenye ukingo wa kushoto wa kadi piga alama kwa mkasi kila sentimeta 4, ukianzia juu. Sentimeta 4 ni mistari 5 kamili.

Kadi hii inafanya kazi mbili. Leo ndiyo rula yako ya kugawia ukurasa, na kesho ndiyo kifuniko cha kujiulizia. Rula ya plastiki ni nyembamba, haifuniki safu. Daftari la pili ukilitumia kufunika huteleza, na jicho likishaiba jibu limeshaiba.

Hatua ya 3: Piga mistari

Kwa penseli, si kalamu. Mstari wa kusimama unaishia kwenye ukanda wa muhtasari, usiupasue. Muhtasari unahitaji upana wote wa ukurasa. Weka nukta ndogo pembeni kwenye kila alama ya kadi.

Hatua ya 4: Gawa mistari kabla ya kuandika hata neno moja

Hapa ndipo alipokwama, na ndipo nilipokwama mimi.

Notisi za kitabu hubana: hoja nzima inaweza kukaa mstari mmoja wa safu pana. Lakini swali lake liko kwenye safu ya sentimeta 6, na maneno yetu ni marefu. Neno kama “iliwaunganishaje” linakula karibu nusu ya mstari. Kwa mwandiko wa kawaida utapata maneno mawili au matatu kwa mstari, kwa hiyo swali la maneno manane linachukua mistari mitatu. Sasa hesabu: jibu mstari mmoja, swali mistari mitatu. Swali la pili linasukumwa chini mistari miwili, la tatu mistari minne, na ukifika katikati ya ukurasa swali la nne limekaa mbele ya jibu la kumi. Kwa macho ukurasa unapendeza. Weka kadi, uishushe hatua kwa hatua, ndipo utaona.

Binti mwenyewe aliliona kabla sijamwambia. Alishusha kadi kidogo, akasoma, akaniuliza, “Mwalimu, mbona hili la kijiji cha Nandete mbele yake kuna majibu ya pamba?”

Dawa yake ni kulipa swali nafasi kwanza. Kila hoja ipewe mistari 5: minne ya kuandikia na mmoja mtupu wa kutenganisha. Katika mistari 22 zinaingia hoja nne, na inabaki mistari 2. Iache hiyo miwili kwa nyongeza atakayoleta mwalimu darasani. Kwa hiyo ukurasa mmoja ni hoja nne na maswali manne, hazizidi. Ukiona sehemu ya kitabu ina hoja sita, usibane mwandiko, fungua ukurasa mwingine. Na hoja ikikataa kuingia mistari minne, mara nyingi ni hoja mbili zilizoshikana. Zitenganishe, kila moja ipate swali lake.

Usijaribu kuponya tatizo hili kwa kupanua safu ya maswali. Nilijaribu sentimeta 8, na nilichopata ni maswali marefu yaliyoanza kubeba majibu ndani yake. Wala usipige mishale kutoka swalini kwenda kwenye jibu, kwa sababu ukifunika kwa kadi mishale nayo inafunikwa.

Hatua ya 5: Andika safu ya notisi

Soma sehemu yote, kisha andika. Huu hapa ukurasa tuliouandika pamoja, kuhusu mwanzo wa Vita vya Maji Maji. Tuliichagua mada hii kwa sababu ilianzia huku kwetu kusini, vilima vya Umatumbini, na nusu ya majina yake yeye anayajua.

Hoja ya kwanza: mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianza kulazimisha mashamba ya pamba ya vijiji, wasimamizi wakiwa maakida na majumbe, siku za kazi zililiwa, shamba la chakula likabaki bila mtu, malipo kiduchu. Hoja ya pili: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa dawa ya maji iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, watu wa makabila mbalimbali waliifuata na kurudi nayo kwao. Hoja ya tatu: Julai 1905, Nandete, watu waling'oa pamba, Agosti 4 Kinjikitile akanyongwa Mohoro, lakini dawa ilikuwa imeshasambaa kwa wajumbe wake. Hoja ya nne: vita vilienea kwa Wangindo, Wamwera, Wapogoro, Wangoni na wengine hadi 1907, Wajerumani walichoma vijiji, mashamba na maghala, njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Safu ya maswali bado tupu. Iache hivyo.

Hatua ya 6: Andika maswali, kitabu kikiwa kimefungwa

Usiandike maswali sambamba na notisi. Ukifanya hivyo utaandika vichwa vya habari, maana ndivyo kitabu kilivyopangwa. Safu yake ya zamani ilikuwa na “Sababu”, “Kinjikitile Ngwale”, “Matokeo”. Nilifunika notisi, nikamwonyesha neno “Sababu”, nikamwambia ajibu. Akasema ipi, za vita vipi? Hiyo ndiyo alama ya kichwa kilichojifanya swali: hakiwezi kujibiwa bila kuchungulia.

Kosa la pili ni swali lenye jibu tumboni. Aliandika, “Je, Wajerumani walitumia njaa kumaliza vita?” Jibu ni ndiyo, na ameshaambiwa. Tuliligeuza: “Wajerumani walivivunjaje vita?” Maneno matatu, na jibu lote liko upande wa pili wa mstari.

Maswali yetu mengine yalikuwa haya: “Pamba ilimnyima nini mkulima?” Kisha, “Dawa ya maji iliwaunganishaje watu wasio na mfalme mmoja?” Na la tatu, “Kwa nini kumnyonga Kinjikitile hakukuzima vita?” Ona kwamba hakuna hata moja linaloomba tarehe tupu. Tarehe zimo ndani ya majibu, na ukilijibu la tatu sawasawa lazima utaje Agosti 1905.

Anza kila swali kwenye nukta ya penseli, mstari mmoja na mwanzo wa hoja yake. Likipita mistari minne, lipunguze maneno papo hapo.

Hatua ya 7: Muhtasari

Funika notisi kwa kadi. Andika ukiangalia maswali peke yake, sentensi mbili au tatu. Ukiandika notisi zikiwa wazi utazinakili, na mistari 6 itajaa bila kuongeza kitu.

Wa kwake ulitoka hivi: “Amri ya pamba ilimnyima mkulima muda wa shamba lake, na dawa ya maji ikawapa watu wa makabila mbalimbali jambo moja la kusimamia. Viongozi walinyongwa, lakini vita vilikwisha chakula kilipokwisha.”

Kuna jaribio moja la muhtasari: uhamishie kwa mawazo kwenye ukurasa unaofuata. Ukikaa vizuri na kule pia, hujasema kitu. “Vita hivi vilikuwa na sababu nyingi na matokeo mengi” unakaa chini ya vita vyovyote duniani.

Hatua ya 8: Kujiuliza

Kadi juu ya notisi, jibu kwa sauti, shusha hadi alama inayofuata, hakiki. Ukikosa, weka nukta ya penseli mbele ya swali. Fanya siku hiyo hiyo, kesho yake, na baada ya wiki. Swali likipata nukta tatu, kabla ya kujilaumu litazame lenyewe: mara nyingi linauliza mambo mawili kwa pamoja. La dawa ya maji lilipata nukta mbili siku ya kwanza, akataka kulifuta. Nilimwambia asubiri hadi Jumamosi.

Kwa hisabati mpangilio huu ubadilishe. Hatua za kukokotoa zinahitaji upana, kwa hiyo safu ya maswali iwe sentimeta 4, na badala ya swali andika sababu ya kila hatua: kwa nini umegawa hapa, kwa nini alama imegeuka. Kadi utakata nyingine, sentimeta 16.