Somo: Kugeuza video ya simu kuwa katuni ya mistari inayotetemeka

Nimeulizwa tena jana ile video ya mama wa ufuo wa Dunga, Kisumu, niliitengenezaje. Naandika mara moja; atakayeuliza tena nitamtumia huku.

Video yenyewe ni ya sekunde 4 tu: mama anapara ngege kwa kisu, magamba yanaruka.

1. Piga video penye mwanga mwingi, simu ikiwa imeegemezwa mahali.

2. Ikate ibaki sekunde 4. Iite samaki.mp4.

3. Toa fremu 10 kwa kila sekunde kwa ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri kwenye kompyuta:

```
ffmpeg -i samaki.mp4 -vf fps=10 f_%03d.png
```

Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, kwa hivyo unachukua moja katika kila tatu na nafasi kati yake zinalingana. Utabaki na picha kama 40.

4. Kwenye Krita, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, zilete kwa Import Animation Frames, kasi 10. Fifisha leya hiyo, kisha fungua leya mpya ya kuchorea juu yake.

5. Chora. Wengi huharibia hapa, kwa hivyo soma polepole. Kutetemeka hakutengenezwi kwa kutikisa mkono. Fuata fremu kwa uangalifu wote, na mkono wenyewe utakosea kidogo kila mara. Tofauti hiyo ndogo inatosha. Kinachochosha macho ni mstari unaotokea fremu hii na kupotea inayofuata. Kwa hivyo amua mapema mistari utakayochora, na usibadilishe njiani. Kwa mama yule nilichagua ukingo wa leso, mkono hadi kiwiko, vidole vinne, kisu, samaki na jicho lake. Mikunjo ya nguo niliiacha yote, kwa sababu ukichora mkunjo mmoja lazima uufuate mpaka mwisho.

Usinakili mchoro wako uliotangulia. Kila mchoro utokane na fremu yake ya video, la sivyo makosa yatajikusanya na mkono utahama bega.

Na vitu visivyosogea, kama meza na beseni, usivichore mara 40. Chora mara tatu kutoka fremu moja, kila mchoro ukae fremu mbili, kisha zungusha: 1, 2, 3, 1, 2, 3. Meza itapumua taratibu na macho yatabaki kwenye kisu.

Jaribio: zima leya ya video, cheza. Kama hujui mtu anafanya nini, umeacha mstari muhimu.

6. Weka leya nyeupe chini kabisa, kwa maana mandhari tupu hutoka nyeusi kwenye mp4. Toa picha kwa jina c, kisha rudisha sauti:

```
ffmpeg -framerate 10 -i c%04d.png -i samaki.mp4 -map 0:v -map 1:a -pix_fmt yuv420p -shortest tayari.mp4
```

MASWALI

Kondele_Boy: Bro si kuna filta ya kufanya hii kwa dakika moja?
— Ipo. Itumie.

Mchoraji_Naks: Nimefuata yote, lakini kisu changu kimelala, hakipandi wala kushuka. Mkono wa kwenye video unaenda mbio kweli.
— Swali zuri sana hili. Mkono ukienda na kurudi karibu mara 5 kwa sekunde, nawe unachukua fremu 10, unapata picha mbili tu kwa kila mwendo. Zote mbili zikiangukia katikati ya safari, kisu kitaonekana kimesimama. Sogeza mwanzo kidogo, upate juu kabisa na chini kabisa:

```
ffmpeg -ss 0.05 -i samaki.mp4 -vf fps=10 f_%03d.png
```

Ikikataa, toa fremu zote 30 uchague kwa macho. Na pale mkono ulipofifia kwa kasi, chora umbo lililovutika jinsi lilivyo, usilinyooshe.

Kondele_Boy: Fremu 10 si itakwamakwama?
— Itakwama, ndivyo tunavyotaka. Soma kichwa cha somo.

Atieno_wa_Maseno: Sina kompyuta, nina simu tu. Na mbinu hii ilianzaje?
— Programu ya simu ya FlipaClip inakubali kuletewa video, ila toleo la bure huacha nembo yake. Max Fleischer wa Marekani aliomba hataza mwaka 1915, akaipata 1917: filamu ilirushwa nyuma ya kioo, fremu moja moja, naye akafuatisha juu ya karatasi. Nduguye Dave ndiye aliyevaa nguo za klauni akapigwa picha.

Mchoraji_Naks: Kumbe hata simu inaweza kuwa hicho kioo! Karatasi juu ya skrini?
— Inafanya kazi usiku. Mwanga wa skrini hadi mwisho, karatasi nyembamba, penseli laini usije ukakwaruza. Chora alama ya msalaba kwenye pembe mbili za kila karatasi, zitakusaidia kupanga ukizipiga picha. Skrini ikifuata kidole, washa kubandika programu kwenye mipangilio ya usalama, angalau isikutoe nje ya picha.

Kondele_Boy: Magamba je, uliyachoraje?
— Nukta. Fremu mbili kila moja, kisha yanapotea.