SOMO: Malimbikizo ya mshahara yaliyolipwa kwa mkupuo (Kenya), kodi inarudishwa vipi miaka ya nyuma

Malimbikizo yakilipwa kwa mkupuo, je, yanaweza kutozwa kodi kwa miaka yaliyofanyiwa kazi badala ya mwaka wa malipo? Swali hili limeulizwa humu mara nyingi mno. Nalijibu hapa, nikiulizwa tena nitabandika kiungo tu.

Jibu fupi ni ndiyo. Kifungu 5(2)(a) cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinasema mshahara uliopokewa kwa ajili ya kazi ya mwaka mwingine huhesabiwa kuwa mapato ya mwaka huo mwingine. Tatizo ni kwamba idara nyingi za mishahara huingiza fedha zote kwenye mwezi wa malipo, na programu inakata kama kwamba huo ndio mshahara wako wa kawaida.

1. Tafuta P9 za miaka yote inayohusika.

2. Pata barua ya mwajiri yenye mchanganuo. Hapa ndipo wengi hukwama. Barua ikisema tu "malimbikizo, 1,440,000", huna hoja, kwa sababu hakuna anayeweza kujua fedha hizo ni za mwaka gani. Idai ioneshe kila mwezi na kiasi chake, na iambatanishe uamuzi uliozaa deni hilo, uwe wa mahakama au wa kupandishwa cheo. Idai kabla ya malipo. Hundi ikishatoka, hakuna karani atakayekuwa na haraka ya kukuandikia.

3. Piga hesabu ya kila mwaka kwa viwango vya mwaka huo, si vya leo. Mfano: mfanyakazi alisimamishwa bila mshahara 2022 hadi 2024, akarudishwa kazini, na mwaka 2025 akalipwa miaka yote mitatu kwa 40,000 kwa mwezi. Hakuwa na mapato mengine, na makato ya NSSF tunayaacha kando.

Kwa mwaka ni 480,000. Shilingi 288,000 za kwanza hutozwa 10%, yaani 28,800. 100,000 zinazofuata 25%, yaani 25,000. Na 92,000 zilizobaki 30%, yaani 27,600. Jumla ni 81,400. Toa afueni ya kibinafsi 28,800, inabaki 52,600. Kwa miaka mitatu ni 157,800.

Zikirundikwa 2025 juu ya mshahara wake wa sasa wa 40,000, ngazi za chini na afueni vimeshatumika, kwa hiyo 1,440,000 zote zinatozwa 30%: 432,000. Tofauti ni 274,200. Kwenye payslip ya mwezi huo makato huwa makubwa zaidi, maana jedwali la mwezi linampeleka hadi ngazi ya 35%.

4. Peleka hesabu hiyo kwa idara ya mishahara kabla hawajafunga mwezi.

5. Wakishakata, andikia ofisi yako ya KRA kwanza, ukiambatanisha barua na hesabu. Usikimbilie kurekebisha ritani za zamani kwenye iTax peke yako: utajiandikia deni la 2022 lenye riba ya 1% kwa mwezi, ilhali kodi uliyokatwa imekaa 2025. Omba kodi hiyo ihamishiwe miaka husika, kisha ziada irejeshwe. Muda wa kudai marejesho ni miaka 5.

MASWALI

Karani_wa_Zamu: Nalipwa 70,000. Nimepata malimbikizo ya nyongeza ya 2023 na 2024, jumla 180,000. Nitaokoa ngapi?

Mwandishi: Karibu sifuri. Miaka hiyo tayari ulikuwa kwenye 30%, na ndiko fedha hizi zingeangukia hata zikirudishwa. Wanaofaidika ni waliokuwa hawalipwi, au waliokuwa ngazi za chini.

Bin_Juma: Niletee fomu ya kujaza.

Mwandishi: Soma hatua ya 2 na ya 5.

Mama Neema: Samahani ndugu, na malimbikizo ya 2020 je? Nasikia viwango vilikuwa tofauti.

Mwandishi: Umeuliza la maana, dada. Aprili hadi Desemba 2020 kiwango cha juu kilishushwa hadi 25%, kisha 30% kikarudi Januari 2021. Kwa hiyo hata mwenye mshahara mkubwa anaokoa kwa miezi hiyo. Januari hadi Machi 2020 zina jedwali lake la zamani, usizichanganye. Ila sheria hairudi nyuma bila kikomo: ya miaka ya mbali zaidi hurundikwa kwenye mwaka mmoja, ule ulioisha miaka 5 kabla ya malipo.

Bin_Juma: Mimi mahakama imenipa fidia ya miezi 12. Nimezisoma hatua hizo, je, fidia hii naigawa nyuma miaka mitatu?

Mwandishi: Hapana. Fidia ya kuachishwa kazi si malimbikizo, haina mwezi wa nyuma ulioufanyia kazi. Ina kanuni zake kwenye 5(2)(c).

Mama Neema: Na kiinua mgongo cha mkataba?

Mwandishi: Hicho kimetajwa katika 5(2)(a), pamoja na mshahara. Mwombe mwajiri akuchanganulie kwa miaka ya mkataba, kama barua ya hatua ya 2.