Umeokota pochi Ujerumani? Ripoti kwanza, anuani ya mwenyewe utaitafuta baadae

Nawaambia wenzangu mlioko Ujerumani, hasa nyie mliotoka Unguja na Pemba juzi juzi: ukiokota pochi ya mtu, nenda karipoti kabla hujaanza kumtafuta mwenyewe. Kabla, sio baada. Sheria ya huku inataka mwokotaji amjulishe mwenyewe mara moja, na kama hamjui au hajui alipo basi aijulishe ofisi ya vitu vilivyopotea mara moja, na hiyo mara moja yao sio kama yetu. Wete ukiokota kitu unampelekea sheha au unamwambia imamu atangaze Ijumaa, na hata ukikaa nacho siku mbili tatu unaulizia ulizia hakuna wa kukwita mwizi, watu si wanakuona unavohangaika. Huku hakuna anaekuona. Kinachoonekana ni karatasi, na kama karatasi huna basi wewe ni mtu aliekaa na pochi isokuwa yake, kwisha.

Mie niliikuta chini ya benchi la bustani, Jumamosi jioni. Ndani mna euro 140, kadi ya benki, kadi ya bima ya afya na leseni. Leseni ya huku haina anuani, ina jina na tarehe na mahala alipozaliwa mtu, basi. Lakini kwenye kijimfuko cha chenji nikakuta stakabadhi ya fundi baiskeli imekunjwa mara nne, imeandikwa jina lile lile na mtaa na namba ya nyumba, nikasema alhamdulillahi kazi imekwisha.

Nkenda. Kwenye kengele jina lake lipo kabisa. Akatoka mama mmoja, akasema huyo tumeshaachana, amehama zamani, nipe mie ntampa. Sikumpa, na hapo hata leo simpi, kwa sababu pochi ya mtu anapewa mwenyewe, na mtalaka wake sio mwenyewe, hujui wameachana vipi. Nikamwambia ntamtafuta, akafunga mlango kwa nguvu. Nikatuma maombi ofisi ya usajili wa wakaazi wanipe anuani yake ya sasa, nikakaa nasubiri barua.

Sasa skizeni, mtego uko hapa hapa kwenye huku kusubiri. Yule mama alimpigia simu mtalaka wake, kamwambia kuna mtu mweusi ana pochi yako na hataki kuitoa. Jamaa nae kenda polisi. Kabla jibu la usajili halijafika mie nikaletewa barua ya polisi kwamba natuhumiwa kujimilikisha mali ya mtu na nitoe maelezo yangu. Na ushahidi wangu kwamba nilikuwa namtafuta uko wapi? Risiti ya maombi ya anuani, ambayo polisi mmoja aliisoma kinyume kabisa, eti kumbe jina lake ulilijua. Kesi ilikuja kufutwa, lakini mie nilikuwa nimeshaomba uraia, na sheria yao ya uraia inasema mtu akiwa anachunguzwa kwa jinai maombi yake yanasimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Faili langu likalala. Kwa pochi ya mtu!

Kwaivo narudia. Unaanza na ofisi ya vitu vilivyopotea, mlangoni wameandika Fundbüro, au kama imefungwa, kituo cha polisi, maana ofisi hizi wikendi nyingi hazifungui lakini polisi hawalali. Unaeleza umeokota nini, wapi, saa ngapi, wanahesabu pesa mbele yako, unachukua karatasi yenye muhuri. Pochi unaweza kuiacha palepale, na ndo ushauri wangu. Kama umeokota ndani ya basi au treni au ofisi ya serikali, hapo hakuna cha kuchagua, unaikabidhi kwa wenye basi au hiyo ofisi, huondoki nayo.

Ukishakuwa na karatasi yako ndo uanze habari ya anuani, kama bado unataka kumfikia mwenyewe mapema. Stakabadhi, bahasha, hata jina kwenye kengele usiviamini, watu wanahama na kengele inabaki. Kilicho sahihi ni daftari la wakaazi, kwa sababu kila anaehama huku anatakiwa ajisajili ndani ya wiki mbili. Kwenye tovuti ya mji, pale pa kutafutia, unaandika maneno haya, yaani taarifa ya kawaida ya daftari la wakaazi

```
einfache Melderegisterauskunft
```

unajaza jina kamili na tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye leseni, unathibitisha kwamba hutoitumia anuani kwa matangazo wala kuiuza, unalipa kama euro 10 hivi, inategemea jimbo, na hata wasipompata pesa hairudi. Jibu ni jina na anuani ya sasa tu, hakuna simu. Iweke ile risiti, gharama ya lazima ya kumtafuta mwenyewe unaweza kumdai.

Ajabu ya watu hawa ni hii. Ukimpiga picha mtu barabarani atakukemea faragha faragha, lakini mtu yeyote mwenye euro 10 na tarehe yako ya kuzaliwa anapewa unapolala. Na walokuja kututengenezea ramani ya magorofa ya Michenzani ni Wajerumani hawa hawa, wa Mashariki, kila mlango na namba yake, lakini pale Michenzani ukiuliza fulani anakaa wapi unapelekwa mpaka kitandani kwake, huku jirani wa ngazi moja hamjui mwenzake.

Ukiipata anuani usende kugonga. Andika barua fupi: nimeokota kitu chenye jina lako, nimekiripoti ofisi fulani, namba ya taarifa ni hii, anuani yako nimeipata kihalali kwenye usajili. Hiyo sentensi ya mwisho usiiache, bila yake mtu anaingiwa na hofu. Usitaje kiasi cha pesa wala rangi ya pochi, hayo ayataje yeye akienda kuchukua.

Na jamaa zetu wa nyumbani, tuelewane. Mama mdogo wangu yuko Chake, roho nzuri hana mfano, aliniambia ipige picha hiyo leseni tuirushe kwenye magrupu, dunia ndogo hii. Mama, samahani, hapana. Ile ni jina na sura na tarehe ya kuzaliwa ya mtu, ndo vitu vile vile vinavyotosha kupewa anuani yake. Ami yangu wa Mkoani yeye swali lake moja tu, umepewa ngapi? Ami, chai ya huku imeandikwa kwenye sheria, asilimia 5 mpaka euro 500 na asilimia 3 kwa kinachozidi, kwaivo kwa euro 140 ni euro 7. Ya kwenye basi ni nusu ya hapo, na kitu kiwe na thamani ya angalau euro 50.

Kuna jibu moja la usajili ambalo watu wanalipigania bure, lile la kwamba taarifa haiwezi kutolewa. Huenda hawana data zake, huenda mtu yuko hatarini, anamkimbia mume au anatishiwa, na anuani yake imefungwa, na sheria inawataka wakujibu kwa namna ambayo huwezi kujua ni lipi kati ya hayo. Ukilipata hilo usiulize mji wa jirani, usimtafute Facebook, usirudi kwa mtalaka. Pochi iko ofisini, mwenyewe akiulizia ataikuta.