Utafiti mdogo wa kujitibu mtaani: mtego umo katika neno "daktari"

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi mwenye wiki mbili na mtaa mmoja, tuseme Malaba, Uganda, wenye kaya 240.

Hatua ya 1: Amua kujitibu ni nini

Mara ya kwanza niliuliza, "Nani alikuandikia dawa?" Karibu wote wakajibu, "Daktari." Baadaye niligundua kwamba wengi walimaanisha muuza duka la dawa, maana mtaani huyo naye huitwa daktari, au musawo. Majibu yale yote hayakunifaa. Siku hizi naandika kabla ya kuanza: kujitibu ni kutumia dawa bila kupimwa wala kuandikiwa na mhudumu wa kituo cha afya. Ushauri wa muuza duka unaingia humo, lakini nauhesabu peke yake.

Hatua ya 2: Maswali

Usiulize "Je, wewe hujitibu?" Mtu atahisi anashtakiwa. Uliza hivi:

1. Katika siku 14 zilizopita uliumwa?
2. Ulifanya nini kwanza? (Usimsomee majibu, mwache aeleze.)
3. Ulitumia dawa gani? Naomba kuona pakiti au vidonge vilivyobaki.
4. Aliyekupa mlikutana wapi? Alikupima?
5. Ulimeza siku ngapi, na mbona uliacha?

Siku 14 zinatosha kukumbukwa. Ukiuliza mwaka mzima watu watabahatisha. Swali la tatu ndilo lenye faida kubwa zaidi. Mtu husema "za maumivu", kumbe anakutolea amoksilini, antibayotiki ambayo kisheria huuzwa kwa cheti. Au pakiti ya Coartem, dawa ya malaria: dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu, kwa hiyo ukikuta 10 vimebaki na mgonjwa ameshaacha, hakumaliza.

Jaribu maswali kwa watu watano wa mtaa mwingine kwanza.

Hatua ya 3: Kuchagua nyumba

Peleka barua ya chuo kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kisha mwombe akusaidie kuorodhesha kaya. Kaya ni wanaokula chungu kimoja, si nyumba. Ua mmoja wa kupangisha unaweza kuwa na kaya sita. Ukitaka 60 kati ya 240, chukua kila ya nne. Piga kura kati ya 1 na 4 kupata ya kuanzia. Katika kila kaya hoji mtu mzima mmoja, yule ambaye siku yake ya kuzaliwa iko karibu zaidi mbele, akikubali. Usiandike jina lake.

Mlango ukifungwa, usihamie kwa jirani. Rudi jioni, na tena Jumapili. Ukipita mchana tu, wenye boda na wachuuzi watakukosa wote.

Hatua ya 4: Ripoti

Mfano wa kubuni: wamejibu 54, walioumwa 31, waliojitibu 18. Hiyo ni asilimia 33 ya wote waliojibu, lakini asilimia 58 ya walioumwa. Andika zote mbili na useme kila moja ni ya nani. Kwa watu 54, ile 33 inaweza kuwa kati ya 21 na 46 hivi, kwa hiyo usidai mtaa wako umeushinda wa mwenzako kwa tofauti ya pointi tano. Taja pia kaya sita ambazo hukuzipata, na usiandike "Waganda hujitibu". Andika jina la mtaa na mwezi uliohoji.