Kusoma skani ya mifupa: madoa manane ya mchumaji karafuu

Mwongozo huu ni wa daktari au afisa tabibu wa Unguja na Pemba ambaye mgonjwa wake amevuka bahari kwenda kupigwa skani ya mifupa Dar es Salaam, kisha akarudi na bahasha mkononi na swali moja: "Haya madoa meusi ndiyo saratani?" Tutasoma picha moja ya mfano mwanzo hadi mwisho. Ni ya mzee wa miaka 68 kutoka Wete, amegundulika na saratani ya tezi dume, PSA yake ni 14, na daktari anataka kujua kama ugonjwa umefika mifupani. Picha ina madoa manane.

Hatua ya 1: Jua doa linatokana na nini

Dawa inayodungwa ni MDP iliyofungwa na teknishiamu-99m. MDP hupenda kushika pale mfupa unapojengwa upya, na zaidi pale damu inapofika kwa wingi. Teknishiamu hutoa miale ya gama ambayo kamera huipokea na kuigeuza picha. Kwa kawaida mfupa uliokusanya dawa nyingi huonekana mweusi zaidi.

Kwa hiyo doa jeusi linasema jambo moja tu: hapa mfupa unajengwa kuliko kawaida. Saratani ya tezi dume ikiingia mfupani huuchokoza ujijenge, ndiyo maana huonekana vizuri kwenye skani hii. Lakini mfupa uliovunjika nao hujijenga unapounga. Kiungo kilicholika kwa uzee huotesha mfupa pembeni. Usaha mfupani, jino bovu na mahali palipopasuliwa, vyote huita dawa ileile. Kinyume chake pia ni kweli, na husahauliwa sana: saratani inayokula mfupa bila kuuchochea ujijenge, kama mieloma, inaweza isionyeshe doa lolote. Skani safi kwa mgonjwa wa mieloma haimtoi wasiwasi.

Hatua ya 2: Ihakiki picha kabla ya kuanza kuisoma

Angalia saa. Mtu mzima hudungwa kiasi cha 740 MBq au pungufu kidogo, na picha hupigwa saa mbili hadi nne baadaye. Mzee wetu alidungwa saa 3:00 asubuhi, akapigwa picha saa 6:00 mchana, na katikati yake alikunywa maji ya kutosha na kwenda haja ndogo mara kadhaa. Maji yana kazi yake: dawa ambayo haikushika mfupa hutolewa na figo, na isipotoka hubaki kwenye nyama na kuifanya picha yote iwe na ukungu. Picha iliyowahishwa nayo huwa na ukungu huohuo.

Kisha tazama shingo na tumbo. Ukiona tezi ya koo na mfuko wa chakula vimechora umbo lake, teknishiamu haikufungamana vyema na MDP, nyingine ilibaki huru. Hilo ni kosa la matayarisho ya dawa, si ugonjwa. Doa kali sana kwenye kiwiko au mgongo wa kiganja, fananisha na mahali alipodungwa.

Mwisho zitafute figo. Lazima zionekane kwa mbali, na kibofu pia. Mifupa ikiwa myeusi sana, mizuri kupita kiasi, bila doa hata moja, na figo hazionekani, usifurahie. Inawezekana saratani imeenea mifupa yote kwa usawa, dawa yote ikaishia huko na figo zikakosa. Ni picha inayowadanganya wasomaji wanaotafuta madoa peke yake. Magonjwa ya mifupa yote yasiyo saratani, mfano yale ya figo sugu, nayo huweza kuleta sura hiyo.

Hatua ya 3: Usichanganye kushoto na kulia

Utapewa picha mbili, `ANT` ya mbele na `POST` ya nyuma. Kwenye `ANT` mgonjwa amekuelekea, kwa hiyo kushoto kwake kuko kulia kwako. Kwenye `POST` amekupa mgongo, na kushoto kwake ni kushoto kwako. Mbavu za nyuma na uti wa mgongo visome kwenye `POST`, maana viko karibu na kamera. Kidari na kinena visome kwenye `ANT`.

Pita mfupa kwa mfupa: fuvu, mabega, mbavu, uti wa mgongo, nyonga, miguu. Usikimbilie doa kubwa kwanza, jicho likishashikwa hapo madogo hulipita. Kumbuka pia kuwa viungo vinavyounganisha nyonga na uti wa mgongo, na pale mtulinga unapokutana na kidari, huwa vyeusi kidogo kwa mtu mzima asiye na tatizo. Ukiona pande zote mbili zinafanana, kwa kawaida ni sura ya kawaida.

Hatua ya 4: Lisome kila doa kwa mahali, umbo na mpangilio

*Madoa manne ya mbavuni.* Mzee ana doa moja kwenye kila ubavu, wa sita, wa saba, wa nane na wa tisa, upande wa kushoto. Hesabu mbavu kwenye `POST` kuanzia ule mfupi wa chini kabisa, wa kumi na mbili, ukipanda. Kila doa ni dogo na la mviringo, na yote manne yamepangana wima kama vifungo vya kanzu. Mpangilio huu ndio jibu lenyewe. Kitu kimoja kilichompiga ubavuni kimezipata mbavu nne zinazofuatana mahali pamoja. Saratani haina sababu ya kujipanga hivyo, hutawanyika ovyo, na ikishika ubavu mara nyingi hutambaa kwa urefu wake na kuuchora kama mstari mnene.

Hapa inabidi kumuuliza mgonjwa, na namna ya kuuliza ina maana. Ukisema, "Mzee, umewahi kuumia?" atakujibu hapana, kwa sababu kwake kuumia ni kulazwa. Uliza kwa kazi yake: "Babu, msimu uliopita ulipanda mikarafuu? Hakuna tawi lililokukatikia?" Hapo ndipo linatoka: "Ah, lilinikatikia moja, nikaangukia ubavu. Lakini ni miezi minane hiyo, nilikandwa nikapoa." Maumivu yamepoa, mfupa bado unaunga. Ubavu uliovunjika unaweza kuendelea kuonekana kwenye skani kwa mwaka mmoja au miwili, na kwa mzee hata zaidi.

*Doa la goti la kulia.* Limeshika pande zote mbili za kiungo, paja na muundi. Ugonjwa unaovuka kiungo na kushika mifupa miwili inayosuguana kwa kawaida ni wa kiungo chenyewe, na kwa umri huu ni kulika. Isitoshe, saratani ya tezi dume hupenda kwanza mifupa yenye uboho mwekundu, yaani uti wa mgongo, nyonga na mbavu. Ikianzia gotini peke yake ni jambo la nadra.

*Doa la sehemu ya juu ya paja, karibu na kinena.* Kali sana, lina kingo za ajabu, na kwenye `POST` halionekani kabisa. Kabla ya kuandika neno lolote juu ya doa la namna hii, ulizia kama alijisafisha na kubadilisha nguo. Mkojo wake una dawa ya mionzi, na tone moja kwenye shuka au ngozi huwaka kuliko mfupa. Katika mfano wetu fundi wa kamera alimwambia ajioshe, akavua kikoi, akapigwa tena sehemu ile, na doa likatoweka. Picha ya pili iambatanishwe kila mara. Ukiletewa ile ya kwanza tu, piga simu uiulizie.

*Doa la kiunoni.* Liko kulia, kati ya pingili ya nne na ya tano, nyuma kabisa, mahali pa viungo vidogo vinavyoshikanisha pingili. Ni mahali pa kulika pia, hasa kwa aliyebeba mizigo miaka mingi. Kwenye picha bapa, lakini, huwezi kuwa na hakika kama doa liko kwenye kiungo hicho au mbele yake kidogo.

*Doa la pingili ya kumi ya kifua.* Hili ndilo la kusimama nalo. Ni moja, liko upande wa kulia wa pingili, na linaonekana kuanzia kwenye mwili wa pingili na kurudi nyuma hadi kwenye kijiti cha mfupa kinachoungana na upinde wa nyuma. Halijagusa kiungo wala halikai ukingoni ambako miiba ya uzee huota. Kuanguka kwake hakulielezi, maana pingili iliyobonyea huchora mstari mlalo unaokata pingili nzima, si nusu yake.

Hatua ya 5: Omba picha inayojibu swali lililobaki

Yamebaki madoa mawili yenye swali, la kiunoni na la pingili ya kumi. Yote mawili hujibiwa na SPECT/CT, ambapo kamera huzunguka mwili na picha yake hupachikwa juu ya CT. Ikiwa mgonjwa bado yuko mezani, ifanyike siku hiyohiyo kwa dawa ileile. Teknishiamu hupungua nusu kila saa sita, na mzee aliyepanda boti kurudi kisiwani atalazimika kudungwa upya. Mahali pasipo na SPECT/CT, omba MRI ya uti wa mgongo. Eksirei ya kawaida ikiwa safi haitoshi kuliondoa doa la pingili, kwani mfupa hubadilika sana kabla eksirei haijaona kitu.

Kwa mzee huyu, SPECT/CT inaliweka doa la kiunoni sawasawa juu ya kiungo kidogo kilicholika. La pingili ya kumi linaangukia kwenye kibonge cheupe cha mfupa mgumu, kwenye mwili wa pingili na kijiti chake, pasipo mwiba wala ufa. Ripoti iandikwe hivi: madoa ya mbavu ni mivunjiko inayounga, goti na kiuno ni kulika kwa viungo, la paja ni mkojo, na la pingili ya kumi linatiliwa shaka kubwa ya saratani, lithibitishwe kwa MRI kabla ya kuamua tiba. Usiandike "madoa mengi, fikiria saratani iliyoenea." Sentensi hiyo ingempeleka kwenye tiba ya mtu mwenye ugonjwa sehemu nane, naye huenda anao sehemu moja.

Hatua ya 6: Skani ya pili baada ya tiba

Pingili inayopona hujijenga, na inayojijenga huwa nyeusi zaidi. Skani ikirudiwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo wa tiba, doa linaweza kukoza, na hata madoa yaliyokuwa hayaonekani yakajitokeza, huku PSA inashuka na mgonjwa anasema maumivu yamepungua. Hapo usibadilishe dawa kwa sababu ya picha peke yake. Rudia skani baada ya miezi mingine mitatu hivi. Doa la uponyaji litaanza kufifia, la saratani inayokua litaendelea kupanuka na mengine mapya yatazidi kuongezeka.