Zuhura na mfuko wako: soma nyota kwanza, kisha nyumba

Katika unajimu, nyota ambayo Zuhura ilikuwamo ulipozaliwa hueleza kile unachokiona kuwa na thamani, ilhali nyumba yake, yaani mojawapo ya sehemu 12 za maisha katika chati ya kuzaliwa, huonyesha mahali fedha zako zinapoelekea bila kusukumwa. Wengi huishia kwenye nyota, na hapo ndipo tafsiri hupwaya.

Chukua mtu mwenye Zuhura katika Mashuke, nyumba ya 4. Mashuke humfanya apime ubora kabla ya kulipa, kiasi kwamba hugeuza sufuria dukani akikagua unene wa kitako na kutikisa mpini. Lakini kwa kuwa nyumba ya 4 ni ya makazi na wazazi, mtu huyohuyo anayebishania shilingi mia sokoni atakarabati paa la mama yake bila kusita. Kumwita bahili ni kumkosea.

Saa ya kuzaliwa lazima iwe sahihi, maana nyota inayochomoza mashariki, ambako hesabu ya nyumba huanzia, hubadilika kwa wastani kila baada ya saa 2. Angezaliwa saa 2 baadaye, Zuhura ileile ingeangukia nyumba ya 3, na matumizi yangeelekea kwa ndugu, nauli na vifurushi vya simu.

Kwa hiyo, ikiwa huna uhakika wa saa yako, chukua taarifa ya miamala ya miezi 3, weka kando kodi na chakula, kisha utazame ni nyumba ipi kati ya zile mbili zinazowezekana kwako inayofanana na matumizi yaliyobaki.