Jinsi ya kukisia umri wa nyumba ya Mji Mkongwe kwa kutumia picha tu

Juzi binamu yangu kanitumia picha ya nyumba moja ya Mji Mkongwe Zanzibar, anauliza ni ya mwaka gani. Tumekaa nayo karibu jioni nzima, kwa hiyo naandika tulivyofanya.

1. Pata picha nzuri

Iwe ya mbele ya nyumba nzima, na nyingine ya mlango peke yake. Omba faili lenyewe, isiwe iliyobanwa na programu ya kutumiana meseji, maana nakshi zinageuka matope na hapo huoni kitu.

2. Tazama paa, ila usiliamini haraka

Watu wakiona mabati wanasema nyumba ya juzi. Sivyo. Nyumba nyingi za mawe zilijengwa na paa la bapa, boriti za mikoko zimepangwa halafu juu mawe na chokaa, na kwa sababu paa hilo linavuja, baadaye watu waliweka mabati ya mteremko juu yake. Angalia chini ya mabati: ukiona ukuta mfupi umezunguka juu, na mabati yamekalia juu yake, basi nyumba ni ya zamani kuliko mabati.

3. Umbo la juu la mlango

Juu ukiwa umenyooka, na ubao mpana wa nakshi umelala juu ya fremu, huo ndio mtindo wa zamani zaidi. Juu ukiwa nusu duara, hapo ushawishi ni wa Kihindi na mara nyingi tunaongelea mwisho wa karne ya 19 kuja mbele. Nasema mara nyingi kwa sababu milango iliyonyooka haikuacha kuchongwa, kwa hiyo nusu duara inakusaidia kusema "sio mapema sana" lakini unyoofu peke yake haukwambii chochote cha uhakika. Misumari ya shaba mimi siitumii kabisa kupima umri, inang'olewa na kupigwa mipya kila siku.

4. Mwaka uliochongwa (hapa ndipo nilipoteza masaa)

Baadhi ya milango ina maandishi ya Kiarabu kwenye ubao wa juu, na humo wakati mwingine mna mwaka wa Hijria. Tarakimu zinasomwa kushoto kwenda kulia kama zetu, ila maumbo yanadanganya: nukta ndogo ni 0, kiduara ndio 5, kinachofanana na 7 yetu ni 6, na kinachofanana na V ndio 7. Rangi ikijaza nukta ile 0 inapotea kabisa, unabaki na tarakimu tatu, kwa hiyo ukihesabu tatu tafuta pengo lisilo la kawaida katikati.

Kwetu tatizo lilikuwa lingine, picha ilikuwa imegeuzwa kama kwenye kioo na hatukujua. Sita ya Kiarabu ikigeuzwa inafanana na 2 ya Kiarabu, na kwa kuwa ilikuwa tarakimu ya mwisho ikaja mwanzo, tukasoma mwaka unaoanza na 2, tukabishana weee mpaka tukaona kibao cha duka pembeni kimeandikwa kinyumenyume. Mwaka wa Hijria kwenye milango hii lazima uanze na 1, ukiona tofauti geuza picha kwanza kabla hujafanya lolote. Baada ya kugeuza ikasomeka 1306. Hesabu ya kuupeleka kwenye mwaka wetu ni hii:

```
1306 x 0.97 + 622 = 1888.82
```

Yaani 1888, na kwa kuwa mwaka wa Hijria haulingani na wetu, 1306 inaanza Septemba 1888 inaishia Agosti 1889. Umbo la nusu duara linakubaliana nayo vizuri tu.

5. Je, mlango ni wa nyumba hiyo?

Mlango wa nakshi ni mali, unauzwa, unarithiwa, unahamishwa. Unaweza kukuta mlango wa karne nyingine kwenye nyumba ya jana. Zoom kwenye kingo za fremu: saruji ya kijivu ikijaza pengo kati ya mwimo na ukuta, au nakshi ya mnyororo imekatwa ghafla kwenye kona, mlango umehamishwa au umepunguzwa. Linganisha pia tao la ukuta juu yake. Kwetu tao la ukuta lilifuata duara la mlango sawasawa na lipu ya chokaa ilikuwa moja bila mshono, ndio tukasema mlango na sehemu hiyo ya ukuta ni za wakati mmoja.

6. Andika jibu kama kipindi

Ghorofa ya pili ilikuwa na madirisha tofauti na mstari wa lipu chini yake, kwa hiyo hatukuiweka kwenye hesabu. Jibu tulilompa: ghorofa ya chini karibu 1888 hadi 1889, ya juu imeongezwa baadaye, mabati baadaye zaidi au pamoja nayo. Hilo la mwisho picha haiwezi kulitofautisha, inabidi mtu apande juu aone boriti.